Kibainishi cha mwisho wa nomino katika Kiromania na mabadiliko yake katika umiliki na upokeaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yaliyo hapa yamepangwa kuanzia misingi hadi mambo ya pembezoni. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Kibainishi cha mwisho wa nomino ni nini?

Ni kipande kinachogandishwa mwishoni mwa nomino ili kuonyesha kwamba msemaji na msikilizaji wanakijua kitu kinachotajwa. *Lup* ni mbwamwitu, *un lup* ni mbwamwitu fulani, na *lupul* ni yule mbwamwitu tunayemjua. Kiswahili hakina kipande maalumu cha kazi hiyo. Hutumia *yule* au *hicho*, huweka kiambishi cha mtendwa katika kitenzi, au huacha muktadha useme wenyewe. Kwa Mromania hilo haliwezekani: karibu kila nomino anayoitamka humlazimu achague kama ataibainisha au la.

Lugha nyingine kubwa zilizotokana na Kilatini, kama vile Kiitaliano, Kifaransa na Kihispania, huweka kibainishi mbele ya nomino. Kiromania hukiweka nyuma, na majirani zake wa Balkani, yaani Kialbania, Kibulgaria na Kimasedonia, hufanya vivyo hivyo ingawa si lugha za Kilatini. Asili ya kipande chenyewe ni neno la Kilatini *ille*, «yule», lililozoea kukaa nyuma ya nomino mpaka likashikana nayo. Asili hiyo itatufaa tena katika swali la 5.

Mpangilio huu ni wa zamani. Maandishi ya kale zaidi ya Kiromania yenye tarehe inayojulikana ni barua ya Neacșu, iliyotumwa mwaka 1521 kutoka Câmpulung kwenda Brașov, na ndani yake tayari yapo maneno *lucrul turcilor*, «jambo la Waturuki», pamoja na *împăratul*, «mfalme» anayejulikana. Msomaji wa leo anayatambua bila kamusi.

2. Nitajuaje kama nitumie -ul, -l, -le au -a?

Tazama jinsia ya nomino, kisha sauti yake ya mwisho. Nomino za kiume na za jinsia ya kati zinazoishia kwa konsonanti huchukua *-ul*: *băiat* (mvulana) huwa *băiatul*, *oraș* (mji) huwa *orașul*. Zinazoishia kwa *-u* huongeza *-l* pekee: *lucru* (kitu, jambo) huwa *lucrul*. Zinazoishia kwa *-e* huongeza *-le*: *frate* (ndugu wa kiume) huwa *fratele*, *nume* (jina) huwa *numele*.

Nomino za kike zinazoishia kwa *-ă* hubadilisha sauti hiyo kuwa *-a*: *casă* (nyumba) huwa *casa*. Zinazoishia kwa *-e* huongeza *-a*: *carte* (kitabu) huwa *cartea*. Zile zenye *-ie* huishia kwa *-ia*: *familie* huwa *familia*. Kuna kundi dogo linaloishia kwa *-a* au *-ea* yenye mkazo, nalo hupata *-ua*: *stea* (nyota) huwa *steaua*, *cafea* (kahawa) huwa *cafeaua*. *Zi* (siku) hujiunga nalo kwa kuwa *ziua*.

Tatizo kubwa la msemaji wa Kiswahili liko katika *fată* na *fata*. Sikio letu huzichukulia zote mbili kuwa na *a* ya mwisho, lakini ya kwanza ni «msichana» yeyote na ya pili ni «yule msichana». Sauti *ă* ni hafifu na hutamkwa mdomo ukiwa umefunguliwa kidogo tu, ilhali *a* ni ile yetu ya wazi. Katika ujumbe wa simu watu wengi huandika bila alama, na hapo maneno yote mawili huandikwa *fata*. Msomaji hubaki kuangalia kama limetanguliwa na *o*, yaani «fulani» ya kike, kwa kuwa *o fata* haiwezi kuwa kitu kingine ila *o fată*.

3. Je, katika wingi?

Katika wingi mambo ni mepesi. Nomino za kiume huongeza *-i* juu ya umbo la wingi: *lupi* huwa *lupii*, *frați* huwa *frații*. Nomino za kike huongeza *-le*: *case* huwa *casele*, *cărți* huwa *cărțile*. Zile za jinsia ya kati hufuata za kiume katika umoja na za kike katika wingi, kwa hiyo tuna *orașul* lakini *orașele*.

Angalia tu kwamba *-le* hufanya kazi mbili. *Câinele* ni mbwa mmoja, kwa sababu *câine* ni nomino ya kiume inayoishia kwa *-e*. *Casele* ni nyumba nyingi. Anayeichukulia kila *-le* kuwa alama ya wingi atahesabu mbwa wengi mahali alipo mmoja. Wingi wa *câinele* ni *câinii*.

4. Mbona siisikii -l watu wanapozungumza?

Kwa sababu mara nyingi hawaitamki. Katika mazungumzo ya kawaida *omul* (mtu yule) husikika kama *omu*, na *băiatul* kama *băiatu*. Irabu *u* hubeba kazi yote ya kubainisha, kwa kuwa bila kibainishi neno lingekuwa *om*, lisilo na *u* kabisa. Katika maandishi *-l* haiachwi kamwe, na mtihani ulioandikwa *omu* utasahihishwa. Sikiliza *u*, andika *ul*.

## Umiliki na upokeaji

5. Kwa nini umiliki na upokeaji hufundishwa pamoja?

Kwa sababu umbo ni lile lile. Wanasarufi huita umiliki genitivu na upokeaji dativu. Katika Kiromania nomino inayoonyesha mwenye mali na nomino inayoonyesha mpokeaji hazitofautiani kwa sura. *Băiatului* inaweza kuwa «ya yule mvulana» au «kwa yule mvulana». Jinsi ya kutenganisha maana hizo imeelezwa katika swali la 9.

Viishio vyenyewe ni vitatu tu: *-lui* kwa umoja wa kiume na wa jinsia ya kati, *-i* kwa umoja wa kike (ambao kwa macho huonekana kama *-ei* au *-ii*), na *-lor* kwa wingi wote bila kujali jinsia. Vimetokana na *ille* ile ile ya swali la 1, na ndiyo sababu vinafanana na maneno yanayosimama peke yake: *cartea lui* ni kitabu chake yeye mwanamume, *cartea ei* ni kitabu chake yeye mwanamke, *cartea lor* ni kitabu chao. Anayeyajua maneno hayo matatu ameshavijua viishio.

6. Nomino za kiume na wingi hubadilikaje?

Bila taabu. Toa *-l* au *-le* ya kibainishi, weka *-lui*: *băiatul* huwa *băiatului*, *orașul* huwa *orașului*, *fratele* huwa *fratelui*. Katika wingi chukua umbo lisilobainishwa na uongeze *-lor*: *băieți* huwa *băieților*, *case* huwa *caselor*, *orașe* huwa *orașelor*. Shina halibadiliki, na ugumu wote wa somo hili umehamia kwenye umoja wa kike.

7. Kwa nini ni *cărții*, wala si *cartei*?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa kuwa huanza na *cartea* na kujaribu kuibadilisha mwisho wake. Nomino ya kike ya Kiromania ina maumbo mawili ya umoja: moja la kiima na yambwa, na jingine la umiliki na upokeaji. Umbo hili la pili, kabla hata ya kubainishwa, kwa kawaida hufanana kabisa na wingi. Tunasema *o carte*, «kitabu fulani», lakini *unei cărți*, «cha kitabu fulani», ijapokuwa kitabu ni kimoja. Kibainishi *-i* huongezwa juu ya umbo hilo.

Kwa hiyo njia ya uhakika ina hatua mbili. Kwanza tafuta wingi wa neno. Pili ongeza *-i*. Wingi wa *carte* ni *cărți*, basi tunapata *cărții*. Wingi wa *casă* ni *case*, basi ni *casei*. Wingi wa *stea* ni *stele*, basi ni *stelei*, na ule mwisho wa *-ua* uliotusumbua katika swali la 2 haupo tena. *Stradă* (barabara ya mtaani) wingi wake ni *străzi*, hivyo *străzii*. *Noapte* (usiku) wingi wake ni *nopți*, hivyo *nopții*. Mabadiliko yote ya ndani ya neno, kama *a* kuwa *ă*, *d* kuwa *z*, au *oa* kuwa *o*, yamekwisha kufanyika katika wingi, na wewe huongezi ila irabu moja.

Ndiyo maana nomino ya kike ikaririwe pamoja na wingi wake tangu siku ya kwanza, kama vile anayejifunza Kiswahili anavyokariri *jino* pamoja na *meno*. Aliyekariri umoja pekee ataandika *cartei* na *stradei*, na kosa hilo humtambulisha mgeni haraka kuliko lafudhi.

Maneno haya hukutana na mgeni mapema sana. Fomu za serikali huuliza *data nașterii*, tarehe ya kuzaliwa, na *locul nașterii*, mahali pa kuzaliwa. Neno la msingi ni *naștere*, wingi *nașteri*, na kwa hiyo *nașterii*.

8. Je, kanuni ya wingi ina mipaka?

Ina mipaka miwili inayofaa kujulikana.

Wa kwanza unaonekana katika treni ya chini ya ardhi ya Bukaresti, ambako kuna kituo cha *Piața Unirii* na kingine cha *Piața Victoriei*. *Unire* (muungano) wingi wake ni *uniri*, na *Unirii* imefuata kanuni. *Victorie* (ushindi) wingi wake ni *victorii*, na kanuni ingetaka tuongeze *-i* ya tatu. Badala yake Waromania huandika *victoriei*. Nomino zinazoishia kwa *-ie* iliyotanguliwa na konsonanti huongeza *-i* juu ya umoja: *familie*, *familiei*, *educație*, *educației*, kama katika *Ministerul Educației*. Nchi yenyewe, *România*, huwa *României*. Lakini *-ie* ikitanguliwa na irabu, kanuni ya wingi hurudi: *femeie* (mwanamke), wingi *femei*, huwa *femeii*, na *cheie* (ufunguo), wingi *chei*, huwa *cheii*.

Mpaka wa pili ni nomino chache za kike ambazo wingi wake huishia kwa *-uri*. *Marfă* (bidhaa) wingi wake ni *mărfuri*, lakini umiliki wa umoja ni *mărfii*. *Carne* (nyama) ina wingi *cărnuri*, unaomaanisha aina za nyama, na umiliki wake ni *cărnii*. Katika maneno haya *-uri* haiingii kamwe katika umoja. Idadi yake ni ndogo; hujifunzwa moja moja.

9. Ikiwa maumbo ni sawa, nitatofautishaje mwenye kitu na mpokeaji wa kitu?

Chukua sentensi *Dau cartea băiatului*. Inaweza kumaanisha «Natoa kitabu cha yule mvulana» au «Nampa yule mvulana kitabu». Mpangilio wa maneno pekee hautoshi kuamua.

Kiromania kinaondoa utata huo kwa neno dogo linalotangulia kitenzi na kumrudia mpokeaji: *Îi dau băiatului cartea*. *Îi* hufanya kazi ile ile ya *-m-* katika *nampa*, na kama ilivyo kwetu, haiondoki hata mpokeaji anapotajwa kwa jina baadaye. Wapokeaji wakiwa wengi hutumika *le*: *Le dau copiilor cărțile*, «Nawapa watoto vitabu». Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa, maana kumrudia mtendewa ndani ya kitenzi ni jambo alilonyonya na maziwa ya mama. Tatizo lake ni kwamba hafikirii kulihamisha.

Ukiona *îi* au *le* pamoja na kitenzi, nomino yenye *-lui*, *-ei*, *-ii* au *-lor* huenda ni ya mpokeaji. Ukiiona nomino hiyo imefuata moja kwa moja nomino nyingine iliyobainishwa na hakuna *îi*, anza kuisoma kama mwenye mali.

## Kiunganishi al, a, ai, ale

10. Kwa nini mara nyingine huongezwa *a* au *al* kabla ya mwenye mali?

Linganisha majina mawili rasmi. Rais wa nchi ni *Președintele României*, bila kitu katikati. Benki kuu ni *Banca Națională a României*, yenye *a*. Tofauti ni kivumishi *Națională*. Mwenye mali akiifuata moja kwa moja nomino yenye kibainishi, kibainishi hicho chenyewe hutosha kuwaunganisha. Kitu chochote kikiingia katikati, au nomino ya kwanza ikiwa haina kibainishi, kiunganishi huhitajika. Ndiyo maana tuna *cartea băiatului*, lakini *cartea nouă a băiatului* (kitabu kipya cha mvulana) na *o carte a băiatului* (kitabu fulani cha mvulana).

Kiunganishi hukubaliana na kitu kinachomilikiwa: *al* kwa umoja wa kiume na wa kati, *a* kwa umoja wa kike, *ai* kwa wingi wa kiume, *ale* kwa wingi wa kike na wa kati. Gazeti rasmi la serikali ni *Monitorul Oficial al României*, kwa sababu *monitor* si nomino ya kike, na haidhuru kwamba *România* ni ya kike. Wasemaji wa lugha nyingi za Ulaya hukosea hapa na kumfuata mmiliki. Sisi tunaosema *kitabu cha mama* na *vitabu vya mama* hatuna sababu ya kukosea.

11. Naomba mfano mmoja mrefu, hatua kwa hatua.

Tuseme tunataka kuandika «ufunguo wa mlango wa nyumba ya jirani», na vitu vyote vinajulikana. Mpangilio wa maneno ni ule ule wa Kiswahili, kitu kwanza na mmiliki baadaye.

Ufunguo ndio unaozungumzwa, kwa hiyo unabaki katika umbo la kawaida lenye kibainishi: *cheie* huwa *cheia*. Mlango ni mmiliki wa ufunguo: *ușă*, wingi *uși*, huwa *ușii*. Nyumba ni mmiliki wa mlango: *casă*, wingi *case*, huwa *casei*. Jirani ni mwanamume: *vecin* huwa *vecinului*. Tunapata *cheia ușii casei vecinului*, maneno manne yasiyo na kiunganishi hata kimoja, kwa sababu kila mmiliki amemfuata moja kwa moja aliyebainishwa.

Sasa ufunguo uwe mdogo: *cheia mică a ușii casei vecinului*. *Mică* imetenganisha ufunguo na mlango, hivyo *a* imeingia. Mlango ndio uwe mkubwa badala ya ufunguo: *cheia ușii mari a casei vecinului*. Hapa *a* imehamia baada ya *mari*, na inakubaliana na mlango, si na ufunguo, ingawa kwa bahati zote ni za kike na sura ya *a* haibadiliki. Kwa nini ni *mari* na si *mare* imeelezwa katika swali la 12.

Ukitaka yote yawe wingi, andika *cheile ușilor caselor vecinilor*. Kiishio ni kimoja tu baada ya neno la kwanza. Wengi hushangaa kuona wingi ukiwa rahisi kuliko umoja.

## Vivumishi

12. Kivumishi kinapoingia, kibainishi kinakaa wapi?

Kinakaa kwenye neno linalotangulia. Mpangilio wa kawaida ni nomino kisha kivumishi, na kibainishi hubaki kwenye nomino: *omul bun*, «yule mtu mwema». Kivumishi kikitangulia, kwa msisitizo au kwa ladha ya kifasihi, hukichukua kibainishi na nomino hubaki tupu: *bunul om*. Katika umiliki mambo ni hayo hayo: *omului bun* au *bunului om*. Kuviweka viwili, kama *bunului omului*, ni kosa.

Kwa nomino za kike kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya utangulizi hulipita upesi mno. Kivumishi cha kike katika umiliki na upokeaji nacho hujivika umbo linalofanana na wingi, hata pale ambapo hakibebi kibainishi. *Casa frumoasă* (nyumba nzuri) huwa *casei frumoase*, kamwe si *casei frumoasă*. *Limba română* (lugha ya Kiromania) huwa *limbii române*. *Ușa mare* huwa *ușii mari*, kama tulivyoona katika swali la 11. Hata neno la «yangu» hufuata: *sora mea* (dada yangu) huwa *surorii mele*, kutoka wingi *surori*. Ukiandika umiliki wa kike, rudi nyuma ukague kivumishi kabla ya kuendelea na sentensi.

## Majina ya watu na ya jamaa

13. Majina ya watu hubadilika?

Ya wanaume hayabadiliki. Hutanguliwa na *lui*: *cartea lui Ion*, *cartea lui Mihai*. Hata jina la kiume linaloishia kwa *-a* hufuata hivyo: *lui Mircea*. Ya wanawake yanayoishia kwa *-a* hupata *-ei*: *Maria* huwa *Mariei*, *Elena* huwa *Elenei*. Yale yenye *-ca* huchukua *-ăi* ili *c* isigeuke kutamkwa kama *ch* ya Kiswahili: *Anca* huwa *Ancăi*. Majina ya kike yasiyoishia kwa *-a* hutumia *lui*, kama *lui Carmen*.

Majina yetu huingia katika utaratibu huo bila shida. Kitabu cha Amina ni *cartea Aminei*, na cha Zawadi, awe mwanamke au mwanamume, ni *cartea lui Zawadi*.

Mitaani utasikia *lu' Maria* na *lu' mama*. Maandishi ya makini hayakubali hivyo. Huandikwa *Mariei* na *mamei*.

14. Vipi kuhusu mama na baba?

*Mama* huwa *mamei* kwa kanuni ya swali la 7. *Tata* ni nomino ya kiume yenye sura ya kike, na umiliki unaotumika katika nyaraka ni *tatălui*. Fomu zinazotaka majina ya wazazi huandika *prenumele tatălui* na *prenumele mamei*, na zinarejelea jina la kwanza la kila mzazi.

## Baada ya vihusishi

15. Kwa nini ni *pe masă*, wakati meza inajulikana?

Kwa sababu vihusishi vingi, kama *pe* (juu ya), *în* (ndani ya) na *la* (kwenye), huondoa kibainishi nomino inapokuwa peke yake. «Kitabu kiko mezani» ni *Cartea e pe masă*, hata kama meza ni ile ile mnayolia chakula kila siku. Nomino ikipata maelezo ya ziada, kibainishi hurudi: *pe masa mare*, «juu ya meza kubwa», au *pe masa vecinului*, «juu ya meza ya jirani».

Kihusishi *cu* (kwa, pamoja na) hakifuati wenzake linapokuja suala la chombo au usafiri: *cu trenul*, kwa treni, *cu pixul*, kwa kalamu. Lakini kitu kinapochanganywa na kingine kibainishi hakipo: *cafea cu lapte* ni kahawa ya maziwa. Watu wa karibu wasiohitaji kutambulishwa pia hubaki na kibainishi, kama *la mama*, «kwa mama».

16. Vihusishi gani hutaka umbo la umiliki au la upokeaji?

Vile ambavyo asili yake ni nomino, au vina sura ya nomino iliyobainishwa, hutaka umiliki: *în fața casei*, «mbele ya nyumba», *deasupra mesei*, «juu kwa juu ya meza», *împotriva legii*, «dhidi ya sheria». *Fața* ni «uso» wenye kibainishi, na kwa hiyo kinachofuata ni mmiliki wa uso huo. Muundo wetu wa *mbele ya* na *juu ya* unafanana nao sana.

Vichache hutaka upokeaji, navyo hutokea zaidi katika lugha ya ofisi na magazeti: *conform legii* na *potrivit legii*, «kwa mujibu wa sheria», na *datorită*, «kutokana na», ambayo waandishi makini huitumia kwa sababu zenye matokeo mema. Kwa kuwa umbo ni moja (swali la 5), msemaji hahitaji kukumbuka ni kipi kiko kundi lipi.

## Mambo ya pembezoni

17. *Copii* au *copiii*?

Yote mawili ni sahihi, kila moja mahali pake. *Copil* ni mtoto. *Copii* ni watoto, na *-i* ya mwisho ni ya wingi. *Copiii* ni wale watoto, kwa kuongezewa *-i* ya kibainishi. Hali ni hiyo hiyo kwa *membri* na *membrii* (wanachama), na Waromania wenyewe huyakosea maneno haya mara kwa mara.

Badilisha neno linalokutatiza kwa *frați*, ambalo sikio hulitofautisha kwa urahisi na *frații*. Baada ya *toți* (wote) utasema *toți frații*, basi andika *toți copiii* na *toți membrii*. Baada ya *acești* (hawa) utasema *acești frați*, basi andika *acești copii*. Kionyeshi kikitangulia huondoa kibainishi, na kikifuata hukiacha: *acest om*, lakini *omul acesta*.

18. Maneno mapya ya kigeni huandikwaje?

Neno lililozoeleka, linaloishia kwa konsonanti inayotamkwa kama ilivyoandikwa, huungana na kibainishi moja kwa moja: *weekendul*, *weekendului*. Pale ambapo mwisho wa neno unaandikwa tofauti na unavyotamkwa, huwekwa kistari: *site-ul* (tovuti ile), *site-ului*, na katika wingi *site-urile*, *site-urilor*. Mwamuzi wa tahajia ni kamusi ya Akademia ya Romania inayofahamika kwa kifupi kama DOOM, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2005 na la tatu mwaka 2021. Maneno ya aina hii karibu yote huingia katika jinsia ya kati, kwa hiyo mwandishi hupata *-ului* na *-urilor* bila kulazimika kupita njia ya swali la 7.